Kitenzi kilichokaa ndani ya kiima

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Kwenye jaribio tulipewa sentensi hii: Mvuvi aliyepoteza nyavu zake juzi ameazima nyavu za jirani leo asubuhi. Tuliambiwa tuonyeshe kiima na kiarifu, kisha virai na vishazi. Niliandika kiima ni 'Mvuvi', yote yaliyobaki ni kiarifu, kwa sababu tulifundishwa kwamba kiarifu huanza penye kitenzi. Nikaandika kuna vishazi huru viwili kwa kuwa vitenzi ni viwili. Nimekosa yote. Mwenzangu aliandika kiima ni 'Mvuvi aliyepoteza nyavu zake juzi' akapata. Kwani 'aliyepoteza' si kitenzi? Kinaingiaje kwenye kiima? Na 'za jirani' ni kirai au kishazi?"

Marahaba, mwanangu. Kanuni uliyofundishwa si mbovu, ila ni ya sentensi sahili, ile yenye kitenzi kimoja. Ukipewa "Mvuvi ameazima nyavu", hakuna cha kuumiza kichwa: kata kabla ya "ameazima", kushoto ni kiima na kulia ni kiarifu. Sentensi yako ina vitenzi viwili, na kanuni hiyo haisemi ukate kwenye kipi. Wewe ukakata kwenye cha kwanza ulichokutana nacho. Kinachotakiwa ni kukata kwenye kitenzi kikuu, na kazi yote ya uchanganuzi huanzia hapo, kabla hujachora hata mstari mmoja.

Basi tuvichambue hivyo vitenzi viwili, tuone vinatofautiana nini. "Aliyepoteza" ni a-li-ye-potez-a. "Ameazima" ni a-me-azim-a. Huenda umeshaambiwa uangalie upatanishi wa kisarufi ili ujue kitenzi kikuu ni kipi, yaani kile kinachokubaliana na nomino ya mwanzo. Jaribu uone. Vyote viwili vinaanza na a-, na vyote vinamrejelea mvuvi. Weka sentensi katika wingi: "Wavuvi waliopoteza nyavu zao juzi wameazima nyavu za jirani leo asubuhi." Vyote vimegeuka kuwa wa-. Kwa hiyo upatanishi umetueleza kwamba aliyepoteza na aliyeazima ni mtu mmoja, lakini haukutueleza kipi ni kikuu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na si uvivu. Wamepewa chombo ambacho kwa sentensi ya namna hii hakitoshi.

Tofauti iko katika silabi moja tu: -ye-. Hicho ni kiambishi cha urejeshi, ambacho walimu wengi hukiita o-rejeshi kwa sababu katika ngeli nyingine huonekana na sauti ya o: waliopoteza, kilichopotea, zilizopotea, uliopotea. Umoja wa ngeli ya kwanza peke yake ndio una -ye-. Jina lake linaeleza kazi yake. Kiambishi hiki kinamrudisha msikilizaji nyuma, kwenye nomino iliyotangulia, na kumwambia: ninayemtaja ni yule.

Hebu fikiria uko diko, asubuhi, wavuvi kumi wamesimama kando ya vyombo vyao. Unamwambia mwenzako, "Mvuvi ameazima nyavu za jirani." Atakuuliza mara moja, "Yupi?" Nawe utamjibu, "Yule aliyepoteza nyavu zake juzi." Umeona kilichotendeka? Habari ya kupoteza hukuitoa kama habari. Pengine mwenzako anaijua tangu juzi. Umeitumia kumtenga mvuvi mmoja kati ya kumi. Ungeweza kumtenga kwa njia nyingine: "mvuvi mrefu", "mvuvi wa Bagamoyo", "mvuvi yule". Ukiandikiwa "Mvuvi mrefu ameazima nyavu za jirani", hutasita hata kidogo kuweka "mrefu" ndani ya kiima, kwa sababu ni kivumishi na kinamhusu mvuvi. "Aliyepoteza nyavu zake juzi" kimekalia kiti kilekile cha "mrefu". Kwa umbo, ndani yake mna kitenzi. Kwa kazi, kizima chake ni kivumishi. Swali la kiima na kiarifu huulizia kazi, si umbo. Ndiyo maana mwenzako amepata.

Kuna jaribio la sikio ambalo huhitaji karatasi kulifanya. Sema kwa sauti, "Mvuvi aliyepoteza nyavu zake juzi," kisha nyamaza. Aliye karibu nawe atasema, "Enhe? Kafanya nini?" Anangoja, kwa sababu hujamwambia kitu bado. Sasa sema, "Mvuvi ameazima nyavu za jirani leo asubuhi," unyamaze. Hapo ataitikia au atacheka, lakini hatangoja. Kitenzi kinachomwacha mtu akingoja ni cha kishazi tegemezi. Kitenzi kinachomridhisha ni kikuu, na kiarifu cha sentensi huanza nacho.

Lipo na jaribio la jicho, na hili silioni likifundishwa sana ingawa ni la uhakika katika Kiswahili sanifu. Kiambishi cha urejeshi huingia katikati ya kitenzi chenye -li-, -na- au -taka-, pamoja na kikanushi -si-: aliyepoteza, anayepoteza, atakayepoteza, asiyepoteza. Pasipokuwa na kiambishi cha wakati, hukaa mwishoni: apotezaye. Lakini hakiingii kwenye -me-. Hakuna neno "ameyeazima", na ukilisikia utadhani mtu amejikwaa ulimi. Kwa hiyo ukiona kitenzi chenye -me- katika sentensi kama yako, ujue hakiwezi kuwa kirejeshi kwa nguvu zake chenyewe. Kitakuwa kikuu, isipokuwa mbele yake pawe na kitu kingine cha kukitia utegemezi: neno kama "kwamba" au "ingawa", kitenzi kisaidizi chenye urejeshi, au "amba-".

Hilo "amba-" nalo lina hila yake. "Mvuvi ambaye amepoteza nyavu zake ameazima nyavu za jirani." Vitenzi vyote viwili vina -me-, na hakuna chenye -ye-. Urejeshi umehama, umepanda kwenye "ambaye". Mwanafunzi aliyekariri kwamba atafute -ye- ndani ya kitenzi hataiona. Mpaka wa kiima ni uleule: kishazi tegemezi huanzia "ambaye" na kuishia "zake", na kiarifu huanza "ameazima".

Sasa tuje kwenye kirai na kishazi, kwa sababu swali lako la "za jirani" limegusa jambo ambalo huvurugwa sana. Wapo wanaoamini kwamba kirai ni kifupi na kishazi ni kirefu, kama vile vinapimwa kwa rula. Si kweli. "Nyavu mpya nyeupe za yule jirani yetu wa zamani" ni maneno tisa, na ni kirai. "Nimechoka" ni neno moja, na ni kishazi, tena kinajitosheleza kuwa sentensi. Kinachopima ni kimoja tu: je, ndani ya fungu hilo kuna uhusiano wa kiima na kiarifu? Kuna mtu au kitu kinachosemwa kwamba kimefanya jambo, kimefanyiwa, au kiko katika hali fulani? Ukiwepo uhusiano huo, hicho ni kishazi. Usipokuwepo, ni kirai.

Kiswahili kinatusumbua hapa kwa sababu kitenzi chake hubeba kiima tumboni. Katika "nimechoka", ni- ndiyo kiima na kilichobaki ndicho kiarifu. Hivyo hata "aliyepoteza" peke yake, bila nyavu wala juzi, tayari ni kishazi: a- inasimama badala ya mvuvi, -li-potez-a inasema alichofanya, na -ye- inakifunga kishazi chote kwenye nomino ya nje. Kwa upande mwingine, "za jirani" haina kitenzi, na haimsemi jirani kwamba amefanya lolote. Inataja mwenye nyavu tu. Hicho ni kirai.

Kirai cha aina gani? Ukitazama muundo, kinaanza na kihusishi cha a-unganifu, "za", kikafuatiwa na nomino, kwa hiyo ni kirai husishi. Ukitazama kazi, kinazifafanua nyavu kama kivumishi kinavyofanya, na baadhi ya walimu hukiita hivyo. Majibu hayo mawili hayagombani, yanajibu maswali mawili tofauti. Kwenye mtihani fuata jina lililotumiwa na mwalimu wako, ila moyoni ujue kwa nini yako mawili.

Nikuchanganulie sentensi nzima sasa, hatua kwa hatua, kama ambavyo ningefanya ubaoni.

Kwanza napigia mstari vitenzi vyote: "aliyepoteza", "ameazima". Cha kwanza kina -ye-, nakizungushia duara ili nisikisahau kwamba ni tegemezi. Kinachobaki bila duara ni "ameazima", nacho ndicho kikuu. Nachora mkwaju kabla yake:

Mvuvi aliyepoteza nyavu zake juzi / ameazima nyavu za jirani leo asubuhi.

Kushoto ni kiima, kulia ni kiarifu. Nahakikisha kwa kuuliza swali lenye kitenzi kikuu: nani ameazima nyavu za jirani leo asubuhi? Jibu kamili ni "mvuvi aliyepoteza nyavu zake juzi". Kisha nabadilisha upande wote wa kushoto kwa neno moja: "Yeye ameazima nyavu za jirani leo asubuhi." Sentensi imesimama. Kama mpaka ungekuwa umekaa pale ulipouweka wewe, baada ya "Mvuvi", ningepata "Yeye aliyepoteza nyavu zake juzi ameazima nyavu za jirani leo asubuhi", na utaona kwamba fungu la "aliyepoteza" bado linaning'inia kwa huyo "yeye", linamfafanua. Halijaondoka upande wa kiima.

Naingia ndani ya kiima. Kiima kizima ni kirai nomino, na neno lake kuu ni "Mvuvi". Kinachomfuata ni kishazi tegemezi vumishi: "aliyepoteza nyavu zake juzi". Kishazi hiki nacho kina ulimwengu wake mdogo. Kitenzi chake ni "aliyepoteza". Kilichopotezwa ni "nyavu zake", kirai nomino chenye nomino "nyavu" na kivumishi kimilikishi "zake". "Juzi" ni kirai elezi cha wakati, chenye neno moja tu. Usishangae neno moja kuitwa kirai. Kirai kinahitaji neno kuu. Wafuasi ni hiari, ndiyo maana "juzi" inatosha pale ambapo mwingine angeandika "juzi usiku wa manane".

Naingia ndani ya kiarifu. Kizima chake ni kirai kitenzi, na neno kuu ni "ameazima". Shamirisho yake ni "nyavu za jirani", kirai nomino ambacho ndani yake mna kirai husishi "za jirani". Chagizo ni "leo asubuhi", kirai elezi. Angalia kwamba nyavu zimetajwa mara mbili, na hazichanganyiki: zilizopotea ziko chini ya "aliyepoteza", zilizoazimwa ziko chini ya "ameazima". Kila nomino ina bwana wake.

Ukitakiwa kuandika kwa kanuni za muundo, itakuwa hivi:

S → KN + KT
KN → N + S tegemezi (Mvuvi + aliyepoteza nyavu zake juzi)
S tegemezi → T + KN + KE
KN → N + V (nyavu + zake)
KE → E (juzi)
KT → T + KN + KE
KN → N + KH (nyavu + za jirani)
KH → H + N (za + jirani)
KE → E + E (leo + asubuhi)

Pale nilipoandika "S tegemezi", walimu wengine huandika βV kwa kishazi tegemezi vumishi na βE kwa kishazi tegemezi elezi. Ni alama tu. Mchoro wa matawi nao ni kanuni hizihizi zilizoning'inizwa: S juu, matawi mawili ya KN na KT, kisha kila mstari hapo juu ukageuka kuwa tawi linalogawanyika.

Na vishazi? Huru ni kimoja: "Mvuvi … ameazima nyavu za jirani leo asubuhi." Tegemezi ni kimoja: "aliyepoteza nyavu zake juzi." Nukta tatu nilizoweka zinaonyesha kwamba kishazi huru kimepasuliwa katikati na kile tegemezi. Kwa kuwa kuna huru kimoja na tegemezi kimoja, sentensi ni changamano. Ili upate vishazi huru viwili kama ulivyoandika, sentensi ingetakiwa kuwa "Mvuvi alipoteza nyavu zake juzi na leo asubuhi ameazima nyavu za jirani." Hapo -ye- imetoka, "na" imeingia, na kila nusu inaweza kusimama peke yake. Hiyo ni ambatano. Tofauti yake na sentensi yako kwa macho ni ndogo, lakini mpasuko wake uko mahali pengine kabisa.

Kuhesabu vitenzi ili upate idadi ya vishazi huru kutakuangusha na kwingineko. "Mvuvi alikuwa ameazima nyavu" ina maneno mawili ya kitenzi, lakini "alikuwa" ni kitenzi kisaidizi na "ameazima" ndicho kikuu. Kwa pamoja vinajenga kiarifu kimoja cha kishazi kimoja. Ni mfano pia wa -me- kufuata kisaidizi bila kuzaa kishazi kipya. Nimewahi kuiandika sentensi ya namna hiyo ubaoni mwanzoni mwa ualimu wangu, nikakata kati ya kisaidizi na kikuu mbele ya darasa zima, nikaeleza kwa kujiamini, na ni msichana wa dawati la nyuma aliyeniuliza, "Kwani alikuwa nini?" Swali lake lilikuwa jaribio la sikio lilelile: "Mvuvi alikuwa" haimtoshelezi mtu. Nilifuta.

Kuna mahali ambapo hata mimi sitakupa jibu moja. Tazama sentensi hii: "Mvuvi aliyepoteza nyavu leo asubuhi ameazima mtumbwi." Je, "leo asubuhi" ni wakati wa kupoteza au wa kuazima? Ikiwa ni wa kupoteza, iko ndani ya kishazi tegemezi, na kwa hiyo ndani ya kiima. Ikiwa ni wa kuazima, ni chagizo ya kiarifu iliyotangulizwa. Mzungumzaji huonyesha kwa kupumua: "aliyepoteza nyavu, leo asubuhi ameazima". Kwenye maandishi bila koma, usomaji wa kwanza ndio wa kawaida, kwa sababu kielezi huelekea kushikamana na kitenzi kilichokitangulia, lakini wa pili haukatazwi. Ukikutana na sentensi kama hii, andika usomaji uliouchagua kwa maneno machache pembeni ya mchoro. Mtahini mwenye busara atakuelewa. Katika sentensi yako utata huo haupo, kwa kuwa "juzi" na "leo asubuhi" vimekaa kila kimoja baada ya kitenzi chake.

Nikuonye jambo moja zaidi, maana ukishajua kwamba kiima kinaweza kuwa kirefu, mtego unaofuata ni kudhani kwamba kila kilicho mbele ya kitenzi kikuu ni kiima. "Nyavu za jirani ameziazima leo asubuhi." Nyavu ziko mwanzo, lakini hazikuazima chochote. Tazama kitenzi: a-me-zi-azim-a. Kiambishi cha kwanza, a-, ndicho cha kiima, nacho kinamrejelea mtu ambaye hakutajwa. Nyavu zinarejelewa na -zi- ya katikati, ambayo ni ya shamirisho. Kwa hiyo "nyavu za jirani" ni shamirisho iliyosogezwa mbele kwa msisitizo, na kiima kimefichwa ndani ya kitenzi. Hapa upatanishi, ambao ulitushinda kule mwanzoni, ndio unaotuokoa. Kila chombo kina siku yake.

Hali ni hiyohiyo kwa vishazi tegemezi elezi. Katika "Jua lilipozama, mvuvi alirudisha nyavu", kishazi "jua lilipozama" kiko mwanzo, kina -po- ya wakati, na ni tegemezi. Lakini hakimfafanui mvuvi. Kinaeleza lini alirudisha, hivyo ni cha upande wa kiarifu, na kiima ni "mvuvi" pekee. Kwa hiyo kila ukipata kishazi tegemezi, kiulize: unafafanua nomino au unafafanua kitenzi? Cha nomino hukaa popote nomino yake ilipo. Nomino ikiwa ni shamirisho, nacho kitakuwa ndani ya kiarifu: "Jirani amempa nyavu mvuvi aliyepoteza zake." Kishazi ni cha namna ileile kabisa na chako, ila sasa kimo upande wa kulia wa mkwaju.

Na "Pwani kumejaa wavuvi" je? Ku- inapatana na pwani, si na wavuvi, kwa hiyo kisarufi kiima ni "Pwani", hata kama akili yako inaona wavuvi ndio waliojaa. Ukisema "Pwani wamejaa wavuvi", kiambishi kimekuwa wa-, na kiima kimehamia kwa wavuvi ingawa wako nyuma ya kitenzi. Wanaoanza hubishana sana juu ya jozi hii. Ubishi huisha ukitazama herufi mbili za kwanza za kitenzi.

Kuhusu majina: vitabu vya Kenya hutumia zaidi "kiima na kiarifa", vya Tanzania utakuta "kiarifu" au "prediketa". Vingine vinasema "kundi nomino" badala ya "kirai nomino", lakini kifupisho KN ni kilekile. Usiyachanganye katika jibu moja. Chagua ya kitabu cha darasa lako uyashike. Pia soma agizo la swali. Ukiambiwa utenge kiima na kiarifu, mkwaju mmoja unatosha, matawi hayatakuongezea alama. Ukiambiwa uchanganue kwa matawi, au kwa jedwali, au kwa mistari, njia uliyoombwa ndiyo itakayosahihishwa, hata kama nyingine unaimudu zaidi.

Karatasi yako ya jaribio mpelekee mwalimu wako wakati wa mapumziko, ukiwa na kalamu. Usimwombe alama. Mwombe akupe sentensi nyingine mbili zenye -ye- au "ambaye", moja ikiwa upande wa kiima na nyingine upande wa shamirisho, uzikate mbele yake huku ukisema kwa sauti kwa nini umekata hapo. Maelezo yangu haya hayataona mkono wako unapositasita, na mara nyingi kosa la mchoro wa matawi liko kwenye mkono: mwanafunzi anajua kwamba "aliyepoteza" ni ya kiima, lakini anapochora, tawi lake analishusha kutoka KT kwa sababu jicho limeona T. Ukikuta hilo ndilo linalokutokea, anza mchoro kutoka chini: andika maneno yote kwa mstari mmoja, unganisha kwanza "nyavu" na "zake", kisha zote na "aliyepoteza" pamoja na "juzi", kisha fungu hilo lote na "Mvuvi", ndipo upande juu hadi S.